Namna ya kumwandikia edita ujumbe wa promo ili usirudie kazi mara sita: mfano wa atelie ya ushonaji Lubumbashi

Ujumbe ambao maedita wa hapa Lubumbashi wanapokea karibu kila siku uko hivi: "Mukubwa, nimekutumia video, nitengenezee promo, iwe kali, iende haraka haraka, uweke na maandishi." Edita anakaa usiku anafanya, anatuma, na jibu linakuja "siyo hivo nilitaka", hapo ndo zinaanza v2, v3, v6 mpaka watu wawili wanaogopa kupokeana simu. Na saa nyingi edita wala hana kosa. "Iwe kali" anaweza kuifanya kwa namna kumi na zote zikawa sawa kwake, "haraka haraka" kwake inaweza kuwa nusu sekunde kwa kila picha na wewe ulikuwa unawaza sekunde mbili, na "maandishi" akaweka yale ya njano yanayorukaruka neno moja moja wakati wewe ulitaka kitu cha heshima.

Kwa iyo hapa nitaonyesha namna ya kuandika ujumbe wenyewe, kipande kwa kipande, kwa kutumia promo moja ya mfano: atelie ya ushonaji pale Kamalondo, mama mwenye atelie anataka watu walete vitenge vyao mapema mbele ya Noeli, promo ya sekunde 30, imepigwa na telefone, itawekwa TikTok na kwenye status ya WhatsApp. Edita ni wa kulipwa kwa kazi, hayuko kazini kwako, ana wateja wengine, na hajawahi ata kufika kwenye iyo atelie. Hilo la mwisho ulikumbuke muda wote unapoandika.

Hatua ya 1: angalia video mbichi zote mwenyewe, uzipe majina

Mbele ya kuandika neno lolote kwa edita, kaa na telefone yako na karatasi, angalia kila klipu toka mwanzo mpaka mwisho, uandike sekunde gani kuna kitu. Ni kazi ya kuchosha lakini ukiiruka utalipa kwa njia ingine, juu edita atachagua anachoona kizuri kwa jicho lake, na yeye hajui kwamba yule mteja wa nguo ya bluu alikataa uso wake usionekane, au kwamba ile mashine ya pili iliazimwa kwa jirani na mama hataki ionekane.

Majina ya faili usiyaache yale ya telefone. VID_20251108_143355 haimsaidii mtu. Weka hivi: 01_mkasi, 02_mama_anaongea, 03_vipimo, 04_mashine_karibu, na kuendelea. Namba mbili mbele ya jina ili zijipange zenyewe kwenye kompyuta yake.

Alafu namna ya kutuma. Ukituma klipu kwa WhatsApp kama video ya kawaida inakamuliwa, inatoka ndogo na imekufa rangi, edita hawezi kuirudisha ata akiwa na kompyuta ya bei gani. Tuma kama Document (faili moja inaweza kufika mpaka 2 GB), au weka kwenye Google Drive umpe linki, na uifungue iyo linki kwanza kwenye telefone ya mtu mwingine uone kama haiombi ruhusa. Kama mega zinakusumbua, mpelekee kwa flashi, Lubumbashi siyo kubwa hivo.

Vitu viwili vya kuangalia wakati unapitia klipu. Cha kwanza, mistari ya giza inayopanda na kushuka kwenye picha za ndani. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na telefone ikipiga kwa fremu 30 kwa sekunde hazikutani vizuri, ndo mistari inatokea. Kuiondoa kwenye montaje ni ngumu na matokeo yake siyo mazuri sana, kwa iyo andika kwenye ujumbe klipu ipi inayo, na useme itumike sekunde moja tu au isitumike kabisa. Siku ingine ukipiga weka shata kwenye 1/50 au 1/100 kama telefone inaruhusu, au kaa karibu na dirisha uzime taa. Cha pili, kama telefone ilikuwa imewekwa HDR, yaani inapiga mwanga na rangi nyingi kuliko video ya kawaida (iPhone nyingi ziko hivo zenyewe), mwambie edita kabisa. Asipojua atakuletea mama mwenye uso mweupe kama karatasi na kitenge kilichopauka, akidhani ndo vile mlipiga.

Hatua ya 2: mistari mitatu ya juu

Ujumbe unaanza na kitu ambacho promo inapaswa kufanya, nani ataiona, na itachezwa wapi. Mistari mitatu, siyo historia ya atelie.

> Ndugu, salamu. Hii ni promo ya sekunde 30 ya atelie ya ushonaji Kamalondo. Kazi yake moja: mtu mwenye kitenge ndani ya nyumba akilete mbele ya tarehe 15 Desemba. Itawekwa TikTok na status ya WhatsApp, watu wengi wataiona bila sauti, kwa telefone ndogo. Wanaolengwa ni wamama na wadada wa komine za Kamalondo, Kenya, Katuba.

Ona vile "bila sauti, kwa telefone ndogo" inamwambia edita vitu vingi kwa mara moja: maandishi lazima yatoshe kueleza, picha za karibu ni bora kuliko za mbali, na asijichoshe na vitu vidogo vya kona. Na "kazi yake moja" inamsaidia pale atakapokuwa peke yake saa nane ya usiku anachagua kati ya klipu mbili nzuri. Ile inayomsukuma mtu kuleta kitenge inabaki, ile inayoonyesha tu atelie ni nzuri inatoka.

Hatua ya 3: mpango wa mikato

Hapa ndo penye kazi, na hapa ndo watu wengi wanaandika "chagua mwenyewe". Usichague kila kitu kwa niaba yake, lakini mpe mifupa. Mimi naandika muda wa promo upande mmoja, klipu na sekunde zake upande mwingine, na kwa kila sehemu maelezo mafupi.

> 0:00–0:02. 01_mkasi, toka 0:08. Mkasi unaingia ndani ya kitenge, karibu kabisa. Sauti ya kweli ya mkasi, muziki usianze bado.
> 0:02–0:09. 02_mama_anaongea, toka 0:31. Anasema: "Kila mwaka batu banaleta kitenge tarehe makumi mbili Desemba, tunabarudisha. Mwaka hii, usingoye."
> 0:09–0:20. Kazi: 03_vipimo, 04_mashine_karibu, 05_zipu, 06_pasi, 08_mteja_anaingia, 07_vifungo. Picha sita kwa mpangilio huu, hapa unaweza kuchagua sekunde gani.
> 0:20–0:26. 09_mteja_kioo, toka 0:14. Anageuka mbele ya kioo. Usikate hapa ndani, acha yote.
> 0:26–0:30. Kadi ya mwisho: jina la atelie, "Leta kitenge mbele ya 15 Desemba", kuanzia dola 25, Kamalondo, namba ya simu.

Hapo edita ana uhuru kwenye ile sehemu ya katikati tu, na hiyo inatosha, juu ndo sehemu ambayo jicho lake linajua kuliko lako. Kwingine kote umeshaamua. Ona pia kwamba promo inaanza na mkasi, haianzi na logo. Logo ya sekunde tatu mwanzoni mtu ameshapita kwenye video ingine, na sijawahi kuelewa kwa nini wenye maduka wanaipigania hivo.

Chini ya mpango andika namna unavyotaka mikato yenyewe ikae. Mambo matatu yanatosha.

La kwanza, kata ndani ya mwendo. Kama mkono unasukuma kitenge chini ya sindano, mkato uingie wakati mkono bado unaenda, na picha inayofuata ianze na kitu ambacho nacho kinaenda. Jicho linafuata mwendo na halioni mkato. Ukikata pale mkono umeshasimama, mtazamaji anapata nafasi ya kuwaza kitu kingine, na kwenye TikTok kuwaza kitu kingine maana yake kidole kimeshapandisha.

La pili, pale mama anapoongea kuna maneno ya kutoa. Kwenye ile klipu alisema "tunabarudisha", akakohoa, akaita mtoto, alafu ndo akasema "Mwaka hii, usingoye". Ukikata katikati uso wake unaruka. Kwa iyo sema wazi: pale kwenye mkato funika na picha ya rundo la vitenge kwenye meza, 10_rundo, sekunde moja na nusu hivi, sauti ya mama iendelee chini yake. Na uache pumzi yake mbele ya "Mwaka hii". Edita wengi wana mazoea ya kubana kila kimya, wanaondoa pumzi zote, na mtu anatoka anaongea kama anasoma orodha ya majina. Hii pumzi moja ndo inafanya neno linalofuata lisikike, kwa iyo iandike: "pumzi ya 0:39 ndani ya 02_mama_anaongea ibaki".

La tatu, hakuna madoido ya kupita toka picha moja kwenda ingine: hakuna kuzunguka, hakuna kuvuta kwa kishindo, hakuna mwanga mweupe. Mkato mkavu tu. Isipokuwa kwenye kadi ya mwisho, hapo picha inaweza kufifia taratibu kwa muda wa nusu sekunde. Ukiacha bila kuandika utaletewa kila kitu kilichomo ndani ya CapCut.

Kitu kingine kidogo kwenye mkato wa 0:20. Sauti ya mteja akicheka kwenye kioo ianze kusikika nusu sekunde mbele ya picha yake, wakati bado tunaona vifungo. Mtu anasikia kicheko, anataka kujua nani, alafu anamwona. Edita anajua namna ya kuifanya, anachohitaji ni kuambiwa wapi.

Hatua ya 4: mwendo

"Haraka" usiiandike. Andika urefu wa picha kwa sekunde.

Kwa promo hii tuna picha kama kumi na moja au kumi na mbili ndani ya sekunde 30, maana yake kwa wastani ni sekunde mbili na nusu kila moja. Lakini wastani hausemi kitu, kinachosikika ni mabadiliko. Mwanzo ni mfupi, mama anaongea kwa utulivu, sehemu ya kazi inaongeza kasi kidogo kidogo, alafu kwenye kioo kila kitu kinasimama sekunde sita. Ile kusimama inafanya kazi kwa sababu tu mbele yake kulikuwa na kasi. Ukifanya yote kwa kasi moja, ata nguo ikiwa nzuri namna gani inapita kama klipu ya vifungo.

> Sehemu ya kazi 0:09–0:20: urefu wa picha ni 2.5, 2, 2, 1.5, 1.5, 1.5. Jumla 11. Isiende chini ya sekunde 1.5, mtu lazima aone ni kitu gani kinafanyika.

Hizo namba sikuzitoa hewani. Muziki tuliochagua una mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja kila nusu sekunde, na mapigo manne yanafanya sekunde mbili. Ukichagua urefu unaogawanyika kwa nusu sekunde mikato yote inaangukia kwenye pigo bila edita kuhangaika. Kama muziki wako una mapigo 100, pigo ni sekunde 0.6, kwa iyo picha ziwe 3, 2.4, 1.8 na upange sehemu upya. Kupata urefu wa pigo moja, gawanya 60 kwa namba ya mapigo, ndo hesabu yote. Tempo yenyewe usiikisie kwa sikio, kuna programu za bure za telefone unagonga na kidole inakupa namba.

Lakini usiseme "kata kwenye kila pigo". Mikato ikifuata kila pigo, mtazamaji anaanza kuijua inayokuja, na inageuka kuwa kama saa ya ukutani. Andika hivi: "mikato ya sehemu ya kazi iangukie kwenye pigo, mikato ya mama isifuate muziki, ifuate maneno yake." Mama anapoongea muziki ni mgeni, hauamui kitu.

Na muziki wenyewe mtumie wewe, pamoja na maelezo ulikoutoa. Wimbo wa msanii anayepigwa kila mahali unaweza kunyamazishwa kwenye akaunti ya biashara ya TikTok, juu akaunti hizo zina maktaba yao ya muziki ulioruhusiwa kwa matangazo. Ukienda kinyume, promo yako itabaki na picha tu.

Hatua ya 5: kapsheni

Hapa nitakaa kidogo, juu ndo penye vita zaidi.

Ya kwanza kabisa, andika maneno wewe mwenyewe. Usimwambie edita "weka kapsheni za otomatiki alafu urekebishe". Mashine hizo zimefundishwa Kiswahili kingine, mama akisema "batu banaleta" itaandika "watu wanaleta" au itaandika kitu cha ajabu kabisa, na akichanganya Kifaransa katikati ndo basi tena. Na edita akiwa siyo mtu wa huku hatajua ipi ni sahihi. Amua wewe: kapsheni itafuata mdomo au itafuata kitabu? Kwa promo ya Kamalondo mimi nafuata mdomo, juu mtu akisikia "batu" na kusoma "watu" anaona kama mama anasahihishwa mbele za watu. Kwa tangazo la benki ningefanya kinyume. Namba tu ndo naziandika kwa tarakimu: mama anasema "makumi mbili", kapsheni inaandika 20, jicho linaisoma haraka.

Alafu gawanya mistari mwenyewe, na uweke muda:

```
0:02.0–0:04.5  Kila mwaka batu
               banaleta kitenge
0:04.5–0:07.0  tarehe 20 Desemba,
               tunabarudisha.
0:07.0–0:09.0  Mwaka hii,
               usingoye.
```

Kwa nini hivi? Maneno yetu ni marefu. "Tunabarudisha" ni neno moja lakini ndani kuna sentensi nzima, kwa iyo ule mtindo wa neno moja moja kurukaruka ambao kwa Kiingereza unaenda sawa, kwetu unaleta neno refu linalojaza kioo chote kwa robo sekunde alafu linatoweka. Kipimo changu ni herufi 15 kwa sekunde, isizidi hapo, na mstari mmoja usipite herufi kama 20 kwenye video ya kusimama. Kapsheni ya kwanza ina herufi kama 31 na nafasi zake, kwa iyo inataka sekunde mbili na kidogo. Tumeipa mbili na nusu, mtu anasoma bila kukimbia.

Na mstari usikatwe popote. "Ya", "wa", "na", "kwa" zisibaki peke yake mwishoni mwa mstari wa juu, zishuke na neno lake. Edita akiachia programu igawanye yenyewe utapata "kitenge ya" juu na "mama" chini, na mtu anasoma mara mbili.

Mtindo sasa. Fonti nene isiyo na mapambo, kama Montserrat Bold, saizi kama 64 kwenye video ya 1080x1920, rangi nyeupe. Na hapa kuna tatizo ambalo ni la kitenge chenyewe: herufi nyeupe juu ya kitenge chenye maua, ndege na mistari hazisomeki, ata ukiweka mstari mweusi kuzunguka herufi. Weka kisanduku cheusi nyuma ya maneno, weusi wake kama asilimia 60, pembe za duara kidogo. Siyo kitu kizuri sana kwa macho, najua, maedita wanakilalamikia, lakini kinasomeka juu ya kitenge chochote na kwenye jua la saa sita.

Mahali: usiweke chini kabisa. TikTok inaweka jina na maelezo chini, na vitufe upande wa kulia. Mwambie edita aache wazi pikseli 400 za chini na 150 za kulia, kapsheni ikae kati ya 1250 na 1450 ukihesabu toka juu, na isifunike mdomo wa mama wala mikono inayoshona. Kadi ya mwisho ifuate mpaka huo huo, juu namba ya simu ikifunikwa na maelezo ya TikTok promo yote imekuwa bure.

Kuhusu sauti andika mistari miwili tu: sauti ya mama iwe mbele, muziki ushuke karibu dB 15 chini yake anapoongea, alafu upande tena taratibu kwenye 0:09, na kwa ujumla nguvu ya sauti yote iwe -14 LUFS, kilele kisipite -1 dB. Muziki wenye besi nyingi edita anausikia chini kwenye spika zake kubwa, kwenye telefone besi haipo na kinachobaki ni makelele juu ya sauti ya mama, kwa iyo mwombe asikilize kwa telefone mbele ya kutuma.

Hatua ya 6: ekspoti

"Nitumie kwa kwaliti nzuri" haimaanishi kitu. Mpe namba, na mpe majina ya faili:

```
A) atelie_noeli_tiktok_v1.mp4
   MP4, H.264, 1080x1920, 30 fps
   12 Mbps, Rec.709 (SDR)
   AAC 192 kbps, 48 kHz

B) atelie_noeli_whatsapp_v1.mp4
   MP4, H.264, 720x1280, 30 fps
   3 Mbps, Rec.709 (SDR)
   AAC 128 kbps, 48 kHz

C) atelie_noeli_safi_v1.mp4
   sawa na A, bila kapsheni, bila kadi
```

Fremu 30 kwa sababu telefone ilipiga 30. Kama klipu zako ni za 25, iwe 25 kila mahali, usichanganye, juu mwendo wa mkono kwenye mashine utaanza kuruka. Telefone nyingi pia zinapiga kwa fremu zisizo sawa, mara 30 mara 28, na kwenye programu zingine mdomo wa mama unaanza kuachana na sauti yake kadri klipu inavyoenda. Ukiona hivo kwenye drafti mwombe edita abadilishe klipu ziwe za fremu zisizobadilika mbele ya montaje.

Uzito wa faili unaweza kuujua mbele: zidisha Mbps kwa sekunde, gawanya kwa 8. Faili A ni 12 mara 30, ni 360, gawanya kwa 8 unapata karibu 45 MB. Faili B ni kama 12 MB ukiongeza na sauti, hiyo inapita kwa mtu yeyote ata mwenye mega za siku moja. Ukiletewa faili A yenye 6 MB ujue kuna kitu hakikufuatwa, bila ata kuifungua.

Kwa nini 12 na siyo 5? Kwa ukuta mweupe na mtu anayeongea 5 ingetosha. Lakini kitenge kina michoro midogo mingi, na kikitembea kila kitu kwenye picha kinabadilika kwa mara moja, ndo kitu kigumu kuliko vyote kwa H.264, ile njia ya kukamua video. Ukipunguza sana unaona vimraba kwenye nguo kila mteja anapogeuka, yaani pale pale kwenye picha unayotaka kuuza. Na TikTok nayo itakamua tena ukishaweka, kwa iyo ni bora iingie ikiwa na nguvu.

Faili C watu wanaisahau na baadaye wanaililia. Mwezi wa pili mama atataka promo ile ile kwa ajili ya tarehe 8 Machi, na bila faili safi itabidi mumtafute edita, mumlipe, na labda ameshafuta kila kitu.

Hatua ya 7: drafti, saa, na namna ya kujibu

> Drafti ya kwanza: mikato na sauti tu, bila kapsheni, ukubwa wowote mdogo, dakika na sekunde za video zionekane kwenye kona. Jumatano 18:00, saa ya Lubumbashi. Nitajibu Alhamisi mbele ya 12:00. Nikikubali mikato, unaweka kapsheni na rangi, unatuma Jumamosi 18:00. Ndani ya bei kuna marekebisho mara mbili.

Drafti bila kapsheni ni kwa ajili yake zaidi kuliko kwako. Akishapanga kapsheni alafu ukasema mama apunguzwe sekunde moja, lazima asogeze kila kitu kilichofuata. Mikato ikikubaliwa kwanza, kapsheni zinapangwa mara moja.

Saa iandike 18:00 na siyo "saa kumi na mbili", na uandike ya mji gani, juu edita akiwa Kinshasa yuko nyuma yetu saa moja, akiwa Nairobi yuko mbele saa moja. Na acha nafasi ya delestaje, siku moja kati ya siku ya kukabidhi na siku ya kuweka hewani. Edita asiye na umeme Jumamosi usiku hawezi kukufanyia kitu ata ukimpigia mara ishirini. Malipo: nusu kwanza kwa M-Pesa au Airtel Money, nusu akishakabidhi faili tatu, na iandikwe ndani ya ujumbe huo huo.

Kwenye kujibu drafti, kila maoni yawe na saa yake na kitendo. "0:13 toa, weka 05_zipu toka 0:04." "0:20 kicheko kianze mapema zaidi kidogo." "0:26 kadi imekaa sekunde 3, ongeza iwe 4." Kusanya yote, tuma mara moja, siyo mawili asubuhi na manne usiku alafu vokali ya dakika tano ikiwa na jogoo nyuma. Na kama mama naye ana maoni, na atakuwa nayo, myaunganishe kwanza nyumbani. Edita akipokea "toa kicheko" toka kwa mama na "kicheko kiongezwe" toka kwako, atachagua anayelipa.

Pale kitu hakikupendezi na hujui kwa nini, andika unachokiona, siyo dawa. "Kwenye 0:15 napotea, sielewi anafanya nini" inamwacha edita atafute njia, labda picha ni fupi, labda ni ya mbali sana, labda zipu inafanana na kitenge. Ukiandika "iongeze nusu sekunde" ataiongeza, na bado utapotea.

Faili za mwisho zikifika, zifungue kwenye telefone ya bei ndogo na siyo kompyuta. Mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa: kama umeelewa tarehe, bei na mahali, kapsheni zimefanya kazi. Mara ya pili sauti ikiwa juu kabisa, usikilize kama kuna mkwaruzo pale muziki unapopanda kwenye 0:09. Alafu simamisha kwenye kadi, piga ile namba toka kwenye picha yenyewe, tarakimu kwa tarakimu, siyo toka kwenye kitabu chako cha simu, na usubiri mpaka telefone ya mama iite.